Asali ya Mikono

Naupongeza ushirika mmoja wa hapa Eldoret kwa tangazo lake kwa ndugu zetu walio Marekani na Uingereza: "Asali halisi ya Bonde la Kerio, iliyotengenezwa kwa mikono." Hatimaye nyuki wamepumzishwa. Kwa nini wahangaike na maua ya migunga kutwa nzima, na mikono ipo?

Nyuki ana ukaidi wake. Huipepea asali kwa mabawa mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20, ndipo aifunike kwa nta. Mikono haina mizungu hiyo. Inavuna sega likingali wazi, inakamua, inabandika lebo yenye picha ya mzee na mzinga wake wa gogo. Mzee mwenyewe hajaiona lebo, na ni heri, maana bei iliyoandikwa kwa dola ingemsumbua macho.

Chupa niliyofungua mimi ilikuwa na povu shingoni, na kizibo kiliruka chenyewe kama shampeni ya harusini. Ladha ilikuwa ya uchachu, kama busaa iliyosomeshwa. Utamu huo wa ziada tangazo halikuutaja, nadhani kwa unyenyekevu.

Ndugu wa ughaibuni, kifurushi kikifika, kifungulie nje.