Sifa za Bei ya Kitunguu Inapopanda

Bei inayopanda haina rafiki. Mama mboga huitaja kwa kuguna, mpishi wa hoteli huilaani, mwanasiasa huapa kuishusha. Hata hivyo, hakuna mtumishi wa umma aliyewahi kufanya kazi kwa bidii kama hii. Haina ofisi wala mshahara, haijawahi kuandika waraka, na katika siku chache huwafanya maelfu ya watu wasiojuana wabadili mwenendo wao wote kwa pamoja. Inastahili kusifiwa, na mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye kitunguu maji, zao lenye sifa ya kuliza watu hata linapokuwa rahisi.

Ruiri iko kwenye barabara ya kutoka mjini Meru kushuka hadi Isiolo, upande wa Mlima Kenya ambako mvua ni haba. Mkulima wa huko anayepanda vitunguu hutegemea maji ya bomba na mifereji. Wakati huohuo Kenya hula vitunguu vingi kuliko inavyolima, na sehemu kubwa ya pengo hilo hujazwa na Tanzania, hasa Mang'ola wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi. Mzigo huvuka mpaka Namanga na kufika Marikiti, Nairobi. Kwa hiyo mambo yakiharibika Mang'ola, Ruiri itapata habari. Haitaambiwa kama ni mafuriko, ugonjwa wa majani au foleni ya malori mpakani. Itaambiwa jambo moja tu: kilo imepanda. Mwishoni mwa 2023 kilo ilipita shilingi 200 katika masoko mengi ya mijini, na habari hiyo ilitosha.

Mnunuzi ndiye wa kwanza kutii. Mwenye kibanda cha chakula aliyekuwa akikaanga vitunguu vitatu kwenye sufuria ya maharagwe hukaanga kimoja na kuongeza nyanya. Muuza chipsi hupunguza kitunguu kwenye kachumbari na kujaza kabichi. Hakuna aliyewaita mkutanoni akawaeleza kwamba nchi ina upungufu, na wala hawana haja ya kujua. Kila mmoja anaokoa mfuko wake, lakini kitunguu alichokiacha sokoni kinamfikia mwingine anayekihitaji zaidi, au angalau mwenye uwezo wa kukilipia. Mambo haya mawili si sawa, na hapo ndipo sifa za bei huingia doa. Bei husikia sauti ya pesa; njaa ya asiye na pesa haiisikii kabisa.

Wa pili ni mchuuzi. Lori lililokuwa limezoea kubeba viazi kutoka Kibirichia huanza kutafuta neti za vitunguu. Mwenye vitunguu vilivyokaushwa vizuri, shingo zikiwa zimenyauka na maganda yakikwaruza mkononi, anaweza kuviweka miezi miwili au mitatu mahali pakavu penye hewa. Bei ya leo ikiwa duni na ya mbele ikitarajiwa kupanda, huviweka. Bei ikishapanda, huvitoa. Watu humwita mlanguzi, lakini anachofanya ni kuvitoa vitunguu kwenye mwezi wa wingi na kuvipeleka kwenye mwezi wa uhaba, na faida yake ndiyo nauli ya safari hiyo.

Bei hiyohiyo pia huwatia watu tamaa. Mkulima huona shilingi na kung'oa vitunguu kabla majani hayajalala. Dalili yake ni rahisi kuitambua: shingo ni nene na mbichi, kitunguu kizito kwa maji, na neti ikikaa wiki moja kwenye joto huanza kunuka. Mnunuzi mzoefu huibonyeza shingo kwa kidole gumba kabla hajafungua pochi.

Wa tatu, na wa polepole kuliko wote, ni mpanzi. Bei ikipanda, mikebe ya mbegu huisha kwenye agroveti, kodi ya shamba lenye maji hupanda, na vibarua wa kuhamisha miche huomba zaidi. Ishara imetoka kwenye kitunguu ikahamia kwenye kila kitu kinachokizaa. Lakini kitunguu hakikimbizwi. Miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, kisha shambani miezi mitatu au minne. Anayeitikia bei ya leo anapanda kwa ajili ya soko la baada ya miezi mitano hivi.

Hesabu ya mfano inaonyesha matokeo yake. Ekari moja igharimu shilingi 200,000 na kutoa tani nane, yaani kilo moja imegharimu shilingi 25. Bei shambani ikiwa 100, mauzo ni shilingi 800,000, na majirani wote huiona nyumba mpya ikiezekwa. Msimu unaofuata kila mwenye bomba amepanda. Mavuno yanaingia pamoja, bei inaangukia 20, ekari ileile inaleta 160,000, na mkulima amepoteza 40,000. Anaapa hatagusa kitunguu tena. Wengi wakiapa hivyo, uhaba unarudi na bei inapanda. Wanauchumi wameuita mzunguko huu utando wa buibui tangu miaka ya 1930, kwa umbo la mchoro wake.

Bei haikudanganya. Ilisema vitunguu ni haba leo, na vilikuwa haba. Kisichomo ndani yake ni idadi ya wengine walioisikia. Habari hiyo iko kwingine: kwenye agroveti mbegu zinapokwisha, na kwenye vitalu vinavyoonekana kila upande wa barabara. Mkulima anayepanda wakati majirani wameng'oa mipira ya maji kwa hasira mara nyingi huvuna wakati mzuri zaidi.

Zaidi ya hapo, ujumbe unaweza kuchakachuliwa njiani. Broka anayefika shambani akisema soko limeanguka huenda anasema kweli, na huenda Nairobi bei imepanda tangu jana. Mkulima mwenye namba za wauzaji wawili au watatu wa masoko ya Gakoromone au Marikiti husikia bei yenyewe. Asiye nazo husikia broka.

Wanaoichukia bei wamejaribu kuinyamazisha, na mfano mzuri ni unga. Tarehe 20 Julai 2022, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100, na serikali iwafidie wasagaji. Mahindi hayakuongezeka hata gunia moja kwa tangazo hilo. Kwa shilingi 100 hakuna mnunuzi aliyekuwa na sababu ya kupunguza sima, na msagaji alisubiri kulipwa na serikali badala ya mteja. Unga wa bei hiyo ukawa adimu madukani, na mpango wenyewe ulikuwa wa wiki nne. Septemba mwaka huo serikali mpya ilihamishia msaada kwenye mbolea, mfuko wa kilo 50 ukashuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Hapo bei ya unga iliachwa iseme, na msaada ukaenda kwa anayeweza kuijibu kwa kulima. Anayeshindwa kununua unga wakati mahindi yanasubiri kukomaa huhitaji pesa mkononi, kwa maana bei haina cha kumwambia ila apunguze.