Chungu cha Saizi ya Kawaida

Muuza vyombo mmoja wa Dar es Salaam alimwandikia wakala wake wa Matema barua ya adabu zote. Kabla ya kutangaza vyungu vya Wakisi aliomba kimo, upana wa mdomo, ujazo kwa lita, udongo ulikochimbwa, na mzigo huu ni wa mchomo upi. Jibu halikukawia: “Pole na kazi, kaka. Ni saizi ya kawaida. Mali safi.”

Kawaida ipi? Soko la Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema, lina kawaida nyingi, kuanzia kibakuli cha mboga hadi mtungi wa kubebwa na watu wawili.

Akina mama wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe hufinyanga kwa mkono, bila gurudumu, kwa hiyo hakuna vyungu viwili pacha. Tena udongo hunywea ukikauka, na ukichomwa hunywea zaidi. Anayepima chungu kibichi anapima kitu ambacho mteja hatakiona kamwe. Kipimwe kikishapoa, na tangazo liseme kimo ni sentimita 18 hadi 20, si 19 kamili kana kwamba kimetoka kiwandani.

Na mchomo? Moto wa wazi ukiwa hafifu, chungu kikigongwa hutoa sauti ya kufa badala ya kulia. Kimoja kikirudishwa kwa kuvuja, muuzaji anayejua mchomo wake anajua vya kukagua rafuni.

Barua ya pili imeleta vipimo: shubiri moja na nusu. Muuzaji ameandika tena, akiuliza shubiri ya nani.