Jinsi ya Kuibiwa Sarafu na Mtoto wa Darasa la Tano

Umetengeneza gemu ya kibanda cha chapati. Kibanda kinaingiza sarafu 10 kila sekunde, na mchezaji akifunga gemu akalala, asubuhi anakuta mauzo yamejaa. Hongera. Sasa fuata mwongozo huu uibiwe kwa utaratibu, maana kuibiwa ovyo ni aibu kwa fundi.

Kwanza ukubali kwamba usiku huo hakuna chapati iliyopikwa. Gemu ikifungwa imefungwa, na simu hairuhusu programu isiyotazamwa na mtu imalize chaji hadi alfajiri. Yote ni hesabu ya kujifanya: gemu inaandika wakati inapofungwa, inausoma tena inapofunguliwa, inatafuta tofauti, inazidisha kwa 10. Aliyefunga saa 4 usiku akafungua saa 12 asubuhi amekaa sekunde 28,800, basi anapewa sarafu 288,000 pamoja na picha ya mwenye kibanda akichekelea.

Kuhusu wakati wenyewe, usihangaike: tumia saa ya simu. Ni ya bure, na ufunguo wake anao mchezaji. Mtoto ataingia kwenye mipangilio, atazima tarehe ya kujiweka yenyewe, atasogeza wiki moja mbele. Zimepita sekunde 604,800, na wewe unamhesabia sarafu 6,048,000 kwa kazi ya nusu dakika. Kisha atarudisha tarehe mahali pake. Sasa wakati ulioandikwa uko mbele ya leo na tofauti imekuwa hasi. Hapo fundi mvivu, akiona alama ya kutoa inamkera, huifuta hivi:

```
muda = abs(sasa - mwisho)
malipo = muda * 10
```

Matokeo yake mtoto analipwa nyingine 6,048,000. Umemlipia nauli ya kwenda na ya kurudi.

Ukishachoka kuibiwa, weka kikomo:

```
muda = max(0, min(sasa - mwisho, 28800))
```

Hasi inakuwa sifuri, na wiki nzima inalipwa kama usingizi mmoja. Bahili wa kweli ni Cookie Clicker: mchezaji hulala bure mpaka anunue nyongeza maalumu, na akiinunua huanza na asilimia 5 ya mapato ya kawaida kwa saa 1 tu, halafu kiwango kinashuka zaidi. Lakini kikomo hakimzuii mwizi mvumilivu. Atasogeza saa 8, afungue, asogeze tena 8, na watoto wana uvumilivu mkubwa kwa yale wasiyotumwa.

Dawa yake imo ndani ya simu yenyewe. Android ina kihesabu kinachoanza sifuri simu inapowashwa, na ukibadilisha tarehe hakishtuki. Kinaitwa `elapsedRealtime()`. Gemu ikifungwa, andika vyote viwili, saa na kihesabu. Mtoto akirudi, saa inadai zimepita sekunde 604,800 wakati kihesabu kinasema 40. Mlipe sarafu zake 400 kwa heshima zote, wala usiseme neno. Ila usimchukue ndugu yake, `uptimeMillis()`, ambaye husinzia simu inapolala usingizi mzito. Huyo atamnyima haki mchezaji aliyelala kiungwana.

Bila shaka mtoto atazima simu na kuiwasha, kihesabu kianze upya. Kwa hiyo andika pia `BOOT_COUNT`, idadi ya mara ambazo simu imewashwa. Ikiwa imebadilika, kihesabu cha zamani hakilinganishwi na kipya, na hapo hakuna shahidi aliyebaki isipokuwa seva. Iulize ni saa ngapi.

Na bando likiwa limeisha? Wapo mafundi wanaogoma kulipa mpaka mtandao upatikane. Mimi naona huko ni kumwadhibu maskini kwa kosa la mjanja. Lipa kwa saa ya simu mara moja, usivuke kikomo, na malipo mengine yasubiri mtandao. Wala usimwite mtu mwizi eti kwa sababu saa imerudi nyuma. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji huweza kuamka na tarehe ya zamani. Na ukiandika saa ya mahali badala ya UTC, abiria aliyetoka Maskati akicheza hadi ndege inatua Dar es Salaam atakuwa mhalifu wa saa 1 kabla hajachukua begi lake.

Kama kila mtu anacheza peke yake, bila mashindano wala sarafu za kuuzwa kwa pesa, kikomo na kihesabu vinatosha: mtoto anajiibia mwenyewe. Kukiwa na mashindano, daftari la sarafu likae kwenye seva, kwa sababu faili iliyo kwenye simu yake anaweza kuifungua na kuiandika apendavyo. Lakini kabla hujakodi seva, tafadhali, futa kwanza hiyo `abs`.