Namna ya Kutafsiri Andiko la Mradi Hadi Wenyewe Wasilijue

Kikundi kimekuletea andiko la Kiswahili, mfadhili anasoma Kiingereza, na mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Usihangaike. Fuata mwongozo huu, na fedha zikipatikana kikundi kitajionea.

Tuchukue mfano wa kubuni: wakulima wa mwani 30 wa pwani ya mashariki ya Unguja, wengi wao akina mama. Wanaomba vichanja vya kuanikia. Mwani ukianikwa chini hushika mchanga, mvua ikiupiga huharibika, na mnunuzi haoni haya kuukataa. Lengo lao mahususi limeandikwa hivi: ndani ya mwaka mmoja, mwani unaoharibika wakati wa kuanika upungue kutoka magunia matatu katika kila kumi hadi gunia moja.

Lengo hili lina kasoro kubwa, nayo ni kwamba linapimika. Mtu yeyote mwenye daftari akikaa kwenye mizani atajua kama limefikiwa. Kwa hiyo lipambe. Andika kwamba mradi utaleta mageuzi ya kudumu ya kiuchumi na kuongeza kipato cha kila kaya maradufu. Bei ya mwani hupangwa na wanunuzi na kikundi hakina usemi nayo, lakini hilo lisikukoseshe usingizi. Pale kikundi kilipoandika "tunatarajia", wewe andika "tutahakikisha". Andiko likikubaliwa, mara nyingi huambatishwa kwenye mkataba, na baada ya mwaka mtu atakuja kuulizia hicho kipato maradufu. Hatakuuliza wewe. Wewe utakuwa umeshalipwa.

Wapo watafsiri wagumu wasiopenda raha. Hao humaliza ushawishi wao wote kwenye maelezo ya tatizo: wanamweka msomaji ufukweni, wanamwonyesha mama anavyochambua mchanga kwenye mwani aliouhangaikia wiki nzima huku wingu likikaribia. Wakifika kwenye malengo wanapoa ghafla kama karani wa benki. Magunia matatu yanabaki matatu, mwaka mmoja unabaki mwaka mmoja. Mfadhili huwaamini watu wa namna hiyo, lakini maandiko yao hayana mbwembwe.

Sasa tuje kwenye bajeti, ambako ndiko kwenye utamu. Vichanja 10 kwa shilingi 180,000 kimoja ni 1,800,000. Hapo hakuna pa kuharibu. Bahati nzuri kuna mafunzo ya siku tatu. Mweka hazina ameandika nauli: 30 × 3 × 5,000 = 450,000. Chakula: 30 × 3 × 6,000 = 540,000. Mwezeshaji: siku 3 kwa 100,000, yaani 300,000. Jumla ya ombi ni 3,090,000.

Jedwali la mfadhili lina safu moja tu ya idadi, na hapa ndipo kipaji chako kinapohitajika. Zidisha 30 kwa 3, andika 90, na kwenye safu ya kipimo weka "watu". Hesabu itatoka sawasawa, wala jumla haitasogea hata shilingi moja, ndiyo maana hakuna atakayeshtuka. Ungeandika "siku za washiriki" ungeharibu kila kitu. Kisha, ili andiko lipatane na jedwali, rudi kwenye maelezo ubadilishe "wanachama 30 watapata mafunzo" iwe 90. Kikundi kimekua mara tatu bila kuandikisha mtu. Siku ya ripoti mfadhili ataomba orodha ya mahudhurio yenye sahihi za watu 90, na katibu atakesha akitafuta majina ya majirani.

Umebaki mchango wa kikundi. Wanachama wamesema watachimba mashimo na kusimamisha nguzo wenyewe, nguvukazi wanayoithamini kwa shilingi 400,000. Iingize kwenye fedha zinazoombwa, ombi lifike 3,490,000. Mfadhili atadhani kikundi hakichangii chochote na tena kinataka kulipwa kwa kuchimba mashimo yake. Ukigeuza shilingi kuwa dola, usiandike kiwango ulichotumia wala tarehe yake. Kila mstari ukadirishe kivyake, ili jumla ya dola isilingane na mistari iliyo juu yake.

Jambo moja tu uliepuke: usirudi kwa kikundi kabla ya kutuma. Ukikaa nao chini ya mwembe ukawasomea tafsiri yako kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mweka hazina atatoa kikokotoo chake kwenye mkoba. Kwenye mageuzi ya kiuchumi atanyamaza kwa adabu. Kwenye mafunzo atakukatisha: "Mwanangu, sisi tupo thelathini. Hawa sitini tutawapikia nini?"

Na ukishaulizwa hivyo, itabidi ufungue kompyuta ukiwa palepale, na Ijumaa ni kesho.