Rilei Ikigoma Mbele ya Wageni

Hakuna kimya kinachotia aibu kama cha rilei iliyosubiriwa ilie "tak!" mbele ya wageni, ikanyamaza. Kwanza hulaumiwa rilei, kisha programu, kisha umeme wa mtaa. Rezista ya beisi haitajwi, ingawa mara nyingi ama haipo, ama imewekwa iliyokuwa karibu na mkono.

Beisi na emita ya transista ni dayodi, na dayodi haijui kujizuia. Ikishafika karibu volti 0.7 imefunguka, na kila nyongeza ya takriban volti 0.06 huzidisha mkondo mara kumi. Ukiipa pini ya volti 5, zile volti 4.3 zilizobaki lazima ziangukie mahali. Pasipo rezista, zinaangukia ndani ya pini yenyewe. Wapo wanaobisha: "Mbona yangu inafanya kazi bila rezista?" Inafanya kweli, kwa kuwa ukinzani mdogo wa ndani ya pini umefanywa rezista bila kuombwa. Pima pini hiyo kwa multimita: badala ya volti 5 utakuta karibu 1, na ATmega328P, ambayo kikomo chake ni miliampea 40 kwa pini, inabebeshwa zaidi ya hapo.

Basi aliyetishika huweka kilo-omu 10, na hapo ndipo rilei inaponyamaza. Chukua koili ya omu 70 kwenye volti 5: inataka kama miliampea 71. Kilo-omu 10 hupitisha miliampea 0.43 tu, hata transista ikizidisha mara 100, koili inapata 43, yaani volti 3, na volti 2 zinabaki kwenye transista. Huo si uswichi, ni usuluhishi. Atakayesema jedwali la 2N2222 linaahidi mara 100 na zaidi amesoma mstari usiohusika: ahadi hiyo ni ya transista iliyofunguka nusu. Penye kushiba, jedwali hilohilo linapima kwa miliampea 150 za kolekta na 15 za beisi, yaani mara 10. Kwa hiyo gawa 71 kwa 10, upate kama 7, kisha 4.3 gawanya kwa 0.007, ni omu 614. Dukani kuna 560, inayotoa miliampea 7.7, na robo wati inatosha kabisa. Kati ya kolekta na emita sasa utapima sehemu ndogo tu ya volti.

Kinachoudhi ni michoro inayoandika "1k" kila mahali, koili iwe ya nani, bila kueleza. Dayodi ya kinyume juu ya koili nayo isisahaulike. Na koili ikitaka miliampea 300, beisi itadai 30, pini itakuwa karibu na kikomo chake, na hapo heri mosfeti.