Namna ya Kumpongeza Aliyekupita Bila Kusaga Meno

Tangazo limebandikwa ubaoni. Mwenzako mliyeingia naye kwenye usaili uleule ndiye mkuu mpya wa kitengo cha ugavi. Wewe umebaki ofisa ugavi, na kiti chako ni kilekile chenye gurudumu bovu. Sasa mpongeze.

Kwenye kundi la WhatsApp weka "Hongera sana" yako na uondoke. Huko wa kwanza ameandika "Mungu azidi kukuinua, bosi," na waliomfuata wamenakili hadi nukta. Ukinyamaza, kesho wakati wa chai wataulizana unaumwa nini.

Ujumbe wenyewe mtumie pembeni, baada ya kuulalia usiku mmoja. WhatsApp hukupa dakika 15 tu za kuhariri, na ukifuta, alama ya kufuta inabaki. Bosi mpya atakesha akiwaza ulikuwa umemtukana vipi.

Rasimu ya kwanza itatoka hivi: "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kukupongeza kwa dhati kwa kuaminiwa katika dhamana hii." Jamani! Juzi mmechangia sahani ya chipsi mayai, leo umegeuka mkuu wa itifaki? Futa. Ya pili itakuwa na "ingawa" mahali fulani. Ifute hata kabla hujajua kilichofuata baada ya "ingawa." "Umebahatika" nayo iende, pamoja na "usitusahau" (unakaa meza ya tatu kutoka kwake, atakusahauje?).

Kisha tafuta kitu kimoja ulichomwona akikifanya kwa macho yako:

"Dada, hongera. Nimeumia kidogo, sikufichi, maana nami niliitaka nafasi hiyo. Ila Juni ile tulipohesabu bohari na wino wa printa ukapungua, sisi wengine tulishabeba mabegi. Wewe ulirudi kwenye hati za kutolea vifaa, moja moja, mpaka ukakuta wino umekwenda tawini. Jumatatu nakuletea faili la wazabuni lililo kwangu, tulipitie pamoja."

Habari ya wino haiwezi kunakiliwa kwa mtu mwingine, ndiyo maana ataiamini. Maumivu yamepewa sentensi moja. Ukiyapa tatu, itabidi yeye akupe pole, na siku ni yake. Hata faili lina kazi: linamwambia kwamba hutamfichia kitu ili akwame wiki ya kwanza. Na kama hukuwahi kumwona akifanya lolote la maana, usimtungie. "Hongera" ya kundini inatosha.

Akijibu "Asante, tuko pamoja" na mikono miwili ya kushukuru, usianze kuchambua. Anajibu watu wengi, wakiwemo wajomba ambao hajawahi kuwasikia.

Jumatatu peleka faili kweli. Mkiwa wawili endelea kumwita Dada. Wazabuni wakiwapo, mwite Mkuu, na usimkonyeze.