Shangazi Anajibu: Kilo Ziseme, Karo Inyamaze

*Shikamoo Shangazi. Ni karani wa chama cha msingi cha kahawa huku Mkumbi. Niliajiriwa kupima na kuandika stakabadhi. Mhasibu alipoondoka, vitabu vyake nikaachiwa mimi, mshahara ukabaki 400,000. Juzi, foleni ya wakulima ikiwa imefika barabarani, nilimwambia meneja kwamba karo imenishinda, sembe imepanda, na karani wa chama jirani ana kitambi. Akanijibu, "Pima kahawa." Niache kazi nikalime ngolo?*
*Mizani Imenielemea*

Marahaba mwanangu. Ngolo zina kazi kuliko mizani, tulia. Karo ni shida yako na kitambi ni cha mwenzio; meneja hawezi kupeleka hata kimoja kwenye bodi.

Chukua barua yako ya ajira, uandike pembeni kazi unazofanya leo ambazo humo hazimo. Vitabu vya mhasibu ndiyo hoja yako kuu.

Kisha linganisha stakabadhi zako na hati za mapokezi za kiwanda cha kukoboa kule Mbinga. Tuseme kabla yako chama kilipokea kilo 60,000, zikafika 58,200. Msimu wako zimepokelewa 60,000, zikafika 59,400. Upungufu umeshuka kutoka kilo 1,800 hadi 600. Ila usijisifu kwa kilo zote 1,200: kahawa iliyopokelewa na unyevu hunywea ghalani bila mwizi wala karani mzembe. Ambatanisha vipimo vya unyevu vya misimu yote miwili, maana meneja ataviulizia.

Saa za ziada usizichanganye humo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Hilo ni deni, lina barua yake.

Omba miadi foleni ikishaisha, kabla makisio ya mwaka hayajaandaliwa, kwa sababu yakishapitishwa na mkutano mkuu, hata meneja mwenye huruma hana fungu. Sema hivi: "Mzee, kazi zangu zimeongezeka tangu niajiriwe, vielelezo ni hivi. Naomba mshahara uangaliwe upya, ufike 480,000." Halafu nyamaza. Akisema chama hakina fedha, mwulize ni lini suala litaenda kwenye bodi, na umwombe akuandikie.

*Shangazi, karani wangu aliyezoea kufoka amekuja na kabrasha na sauti ya upole. Naogopa. Nifanyeje?*
*Meneja, Mkumbi*

Mwanangu, kokotoa kwanza mhasibu mpya angewagharimu kiasi gani kwa mwezi. Ukishapata jibu, hiyo 80,000 ipeleke kwenye bodi haraka, kabla karani naye hajaikokotoa.